Kazi Itasimama Ijumaa: Namna ya Kumwandikia Mteja Ambaye Malipo Yake ya Awali Hayajaingia

Chukua mfano wa karakana ya useremala pale Keko, Dar es Salaam, eneo ambalo watu wengi wa mjini wakitaka fenicha huelekezwa huko. Karakana imekubaliana na kampuni inayopangisha nyumba za wageni itengeneze kabati za jikoni za nyumba nne. Bei yote ni Sh 18,000,000, na nusu yake, Sh 9,000,000, ni malipo ya awali, yale ambayo mafundi wengi wanayaita advansi. Profoma ilitumwa Jumanne tarehe 2 Juni. Meneja wa kampuni, mama mmoja wa makamo, akaikubali kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Profoma inasema advansi iwe imeingia ifikapo Jumanne tarehe 9.

Tarehe 9 ikapita. Fundi hakutaka kuonekana mtu wa kukaba watu koo, basi akaanza kwa fedha zake mwenyewe. Alinunua bodi za MDF za milimita 18 za kutosha nyumba ya kwanza, vijana wakakata na kuunga maboksi. Sasa ni tarehe 16, Jumanne nyingine. Mfuko umekauka, na bado hajanunua bawaba, reli za droo, vishikio, wala bodi za nyumba tatu zilizobaki. Lazima amwambie mteja kwamba kazi itasimama. Akakaa chini na kuandika hivi:

"Habari za leo bosi wangu. Samahani sana kwa usumbufu. Nilikuwa naomba tu kukumbushia kuhusu ile advansi tuliyoongea, maana mpaka sasa bado na hali ya karakana kwa kweli si nzuri, vijana wananidai na bodi zimepanda bei. Tunaelewa na nyie mna changamoto zenu. Ila kama itachelewa zaidi tunaweza tukalazimika kufikiria kusimamisha kazi kwa muda, na sisi tuna familia. Tunaomba mtufikirie. Mungu awabariki sana."

Ujumbe kama huu unaandikwa kila siku, na mimi simlaumu anayeuandika. Umelelewa ukiambiwa kwamba kudai ni kukosa adabu, na mteja unamhitaji. Lakini usome kama atakavyousoma meneja akiwa na ujumbe mwingine arobaini kwenye simu yake. Hataona kiasi, wala tarehe ambayo malipo yalitakiwa, wala siku ambayo kazi itasimama. Anachoona ni mtu mwenye shida anayeomba afikiriwe, naye atamfikiria, pengine mwezi ujao.

Kinachoumiza zaidi ni sentensi ya onyo lenyewe. "Tunaweza tukalazimika kufikiria kusimamisha" ina ngazi tatu za kurudi nyuma. Huenda tukalazimika, na tukilazimika huenda tukafikiria, na tukifikiria huenda tukasimamisha. Msomaji mwenye haraka anapata ujumbe mmoja tu, kwamba kazi inaendelea. Hapo ndipo kukaza kunapoanzia. Ondoa vitenzi vya njiani na ubakishe kimoja chenye siku: "Kazi itasimama Ijumaa, tarehe 19 Juni." Sentensi hiyo haina neno la kuudhi, wala sauti haijapanda. Ni habari tu, kama vile tangazo la kukatika kwa maji mtaani, na mtu mzima akipewa habari anajua la kufanya.

Baada ya hapo ondoa shida zako. Vijana wanadai, bodi zimepanda, watoto wanarudi shule: yote yanaweza kuwa kweli, ila katika barua hii yanageuza deni kuwa msaada. Kampuni haidaiwi Sh 9,000,000 kwa kuwa fundi ana familia. Inadaiwa kwa kuwa ilikubali profoma. Ukiweka sababu mbili, mteja atajibu ile iliyo rahisi kwake. Atakwambia pole sana, na sisi hali ngumu, tuvumiliane. Ukibakisha sababu moja, yaani makubaliano ya tarehe 2, anabaki na mambo mawili tu ya kujibu: ama fedha zinakuja lini, ama kuna kosa katika hesabu yako.

"Samahani kwa usumbufu" nayo iondoke. Heshima ibaki, ila iwe mahali pake, na hilo nitalirudia nikifika kwenye simu.

Kuna upande wa pili wa shimo, na wengi hutumbukia humo wakikimbia la kwanza. Fundi akiambiwa barua yake ni laini, anaandika hii: "Mmetudharau vya kutosha. Mlisema mtalipa tarehe 9 mkatudanganya. Hatugusi tena kazi yenu mpaka hela yetu yote ije, na msipoleta tutaenda polisi." Hapa kiasi bado hakipo, na siku pia haipo. Kilichoongezeka ni tuhuma mbili ambazo fundi hawezi kuzithibitisha, kwani hajui kama amedharauliwa wala kama kuna aliyesema uongo. Anachojua ni kwamba akaunti haina fedha. Kuhusu polisi, malipo yaliyochelewa kwa kawaida ni shauri la madai, la kupelekwa mahakamani kama madai. Kumtishia mtu jinai kwa ajili ya advansi kunamfanya anayetishia aonekane hajui anachosema, na mteja mwenye wakili atalitambua hilo kabla hajamaliza kusoma.

Barua nzuri husema kile tu ambacho mwandishi anaweza kukionyesha kwa karatasi. Anaweza kuonyesha profoma, jibu la WhatsApp na taarifa ya benki ya asubuhi hiyo. Basi aandike mambo hayo matatu, na moyo wa mteja auache.

Kabla ya kuandika lolote, lazima ajiulize kama ana haki ya kusimama. Watu wengi hudhani jibu liko wazi, kwamba hakuna pesa hakuna kazi. Sheria ni ya tahadhari zaidi ya hapo. Katika sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo Kenya inaifuata katika mikataba kupitia Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, mahakama hazijampa mtoa huduma haki ya jumla ya kusimamisha kazi kwa sababu tu malipo yamechelewa. Haki hiyo iandikwe kwenye mkataba au itolewe na sheria maalumu. Ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria ya ujenzi mwaka 1996, na kifungu chake cha 112 kikampa mkandarasi ambaye hajalipwa haki ya kusimamisha kazi, kwa sharti kwamba atoe kwanza notisi ya siku zisizopungua 7 na aeleze sababu ndani yake. Mikataba ya miradi mikubwa inayofuata mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ina kitu hichohicho. Kifungu 16.1 cha Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 kinamtaka mkandarasi atoe notisi ya siku zisizopungua 21 kabla hajasimama au kupunguza kasi.

Seremala wa Keko hana mkataba wa FIDIC. Hata hivyo umbo la notisi hizo linamfaa: onyo kwanza, siku za kusubiri, sababu iliyoandikwa, halafu kusimama. Mtu anayeamka asubuhi na kufunga karakana bila kutoa taarifa anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa kuvunja makubaliano.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoundwa kwa mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, nayo inazungumzia ahadi zinazotegemeana. Kwa maneno mepesi, kama makubaliano yamepanga nani atangulie, utaratibu huo ndio unaofuatwa, na yule aliyetakiwa kutangulia hawezi kudai mwenzake atimize wakati yeye mwenyewe hajatimiza. Hapo fundi wetu ana mguu wa kusimamia, kwani profoma yake imeweka advansi mbele. Udhaifu wake ni kwamba alianza kukata bodi kabla fedha hazijaingia. Mteja anaweza kusema: si ulianza bila advansi, maana yake uliridhia? Kwa hiyo barua yake ina kazi ya ziada. Itaje kilichokwisha kufanyika, ili ieleweke kwamba ilikuwa hiari yake, halafu irudishe utaratibu wa awali kwa hatua zinazofuata. Kama jambo ni kubwa na mteja ni mgumu, aipeleke barua kwa wakili kabla haijatoka. Kulipia ushauri wa saa moja ni nafuu kuliko kujibu madai ya fidia ya ucheleweshaji.

Nitataja pia hatari moja ya lugha yetu, kwa kuwa imewagombanisha watu. Usiandike "tunasitisha mkataba" ukimaanisha kwamba mmepumzika. Magazeti na ofisi hutumia maneno hayo kwa mkataba unaovunjwa moja kwa moja, na mteja akiyapata atakuwa na haki ya kutafuta fundi mwingine. Sema "kazi itasimama" na useme itaendelea lini. Sehemu hii ya pili ndiyo inayotofautisha kusimama na kuondoka.

Itaendelea lini, basi? Watu wengi wangeandika "mkishalipa." Neno hilo lina mlango wazi ambao mwandishi haoni mpaka aingiliwe. Tarehe 18, siku moja kabla ya kazi kusimama, mhasibu wa kampuni anatuma picha ya hati ya benki yenye mhuri na kuandika: "Tumeshalipa." Fundi anaangalia akaunti na hakuna kitu. Je, kazi inaendelea au inasimama?

Picha hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na fedha zisiwepo. Huenda hundi ya benki nyingine imewekwa kwenye akaunti yake na bado haijapita baina ya benki hizo mbili. Benki inaweza kuionyesha katika salio la jumla, lakini fundi akitaka kutoa ataambiwa salio linaloweza kutumika ni lilelile la jana. Hundi hiyo bado inaweza kurudishwa, kwa kukosa fedha, saini isiyolingana au tarehe iliyokosewa. Huenda pia mhasibu ameandaa malipo kwenye mfumo wa benki, na sasa yanasubiri mkurugenzi ayaidhinishe, naye mkurugenzi amesafiri. Kwa mhasibu, kazi yake imekwisha, na anaposema "nimetuma" hasemi uongo. Jambo la tatu linalotokea ni tarakimu moja ya akaunti kukosewa. Fedha hutoka kwa mteja, hukataliwa upande wa pili, na huchukua muda kurudi zilikotoka.

Malipo makubwa baina ya benki za Tanzania yanapitia mfumo wa Benki Kuu unaoitwa TISS, ambao huhamisha kila malipo moja moja. Malipo yaliyopita humo yana namba ya kumbukumbu ambayo benki ya fundi inaweza kuitafuta. Kwa hiyo ombi sahihi kwa anayesema ametuma ni "tupatie namba ya muamala." Aliyetuma kweli anayo. Ambaye malipo yake bado yanasubiri saini ya pili hana, na atakapokwenda kuitafuta ndipo atakapogundua kwamba hayajatoka. Hakuna aliyeitwa mwongo.

Kwa sababu hiyo maneno ya kwenye barua yawe "fedha zikishaingia na kuweza kutumika katika akaunti yetu." Ni marefu kidogo kuliko "mkishalipa," na hapa ndipo mahali pekee ambapo ningekubali barua irefuke. Kukaza maandishi si kupunguza maneno tu. Wakati mwingine ni kuongeza machache yatakayokuepusha na mabishano ya wiki nzima.

Hivyohivyo kwa kiasi. Mteja mwenye hali ngumu lakini mwenye nia njema hutuma sehemu: Sh 3,000,000 leo, "nyingine inakuja." Fundi akiwa hajaamua mapema, atapokea, ataona aibu kusimama, ataendelea, na advansi iliyobaki itageuka kuwa deni la mwisho wa kazi. Aamue kabla ya kuandika. Kwa kazi hii angeweza kusema wazi kwamba Sh 3,000,000 zitatumika kumalizia nyumba ya kwanza tu, maana bodi zake zimeshakatwa na kilichobaki ni bawaba, reli na vishikio. Au anaweza kutaka zote. Mimi ningetaka zote, kwa sababu kiwango cha nusu kiliwekwa kwa hesabu ya vifaa, na bodi za nyumba tatu hazinunuliki kwa theluthi ya fedha. Basi neno "zote" liingie kwenye barua, mara moja, bila kupigiwa mstari.

Sasa siku ya kusimama. Kwa nini Ijumaa tarehe 19 na isiwe kesho? Kwa sababu mhasibu anahitaji muda wa kuandaa malipo, mwenye saini ya pili anahitaji kupatikana, na benki inahitaji saa zake za kazi. Onyo lisilompa mtu nafasi ya kulitii ni adhabu iliyokwisha kutolewa. Siku tatu za kazi zinatosha kwa kiasi hiki na kampuni iliyoko mji huohuo. Kama mkataba wako una siku zake za notisi, hizo ndizo utakazofuata hata kama ni nyingi kuliko unavyopenda. Taja na saa, kwa kuwa "Ijumaa" kwa mmoja ni asubuhi na kwa mwingine ni usiku. Saa 11 jioni ndiyo saa ambayo karakana hufunga, basi itumike hiyo.

Kuhusu tarehe ya kukabidhi kazi, fundi wetu alikuwa ameandika kwamba itasogea kwa idadi ya siku ambazo kazi itakuwa imesimama. Inaonekana haki, lakini inamfunga bure. Kazi hii ikisimama, vijana na msumeno wa meza watapewa kazi ya mteja mwingine, na fedha zikiingia siku nne baadaye huenda msumeno ukawa hauna nafasi mpaka wiki inayofuata. Asiahidi hesabu asiyoimudu. Aseme atatoa tarehe mpya siku fedha zitakapoingia.

Barua ikishapita katika hayo yote, inakuwa hivi:

"Kuh: Kabati za jikoni, nyumba nne: malipo ya awali Sh 9,000,000

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Kwa mujibu wa profoma yetu mliyoikubali tarehe 2 Juni, malipo ya awali ya Sh 9,000,000 yalipaswa kuingia ifikapo tarehe 9 Juni. Hadi leo asubuhi, tarehe 16 Juni, hayajaingia.

Tumeshaunga maboksi ya nyumba ya kwanza kwa gharama zetu ili tusichelewe. Hatua zinazofuata zinasubiri malipo hayo. Yasipoingia yote, kazi itasimama Ijumaa, tarehe 19 Juni, saa 11 jioni.

Kazi itaendelea fedha zikishaingia na kuweza kutumika katika akaunti yetu, na siku hiyohiyo tutawapa tarehe mpya ya kukabidhi.

Kama malipo yameshatumwa, tafadhali tupatieni namba ya muamala tufuatilie benki. Profoma yenye namba ya akaunti imeambatishwa.

Ahsanteni,"

Chini yake jina, namba ya simu, na basi. Isome tena ukitafuta neno la hasira. Halipo, na hakuna pia neno la kujikunyata. "Tafadhali" limetumika mara moja, kwenye ombi la kweli. "Ahsanteni" limefunga barua kama kawaida ya watu wenye biashara pamoja.

Kuna jambo ambalo anayeandika kwa mara ya kwanza halifikirii: meneja hatailipa barua hii. Ataipeleka kwa mhasibu, na mhasibu pengine kwa mkurugenzi. Inasafiri ndani ya ofisi ya watu usiowajua, na kila anayeipokea anataka kitu chake. Mhasibu anataka kiasi, profoma na akaunti. Mkurugenzi anataka kujua ni nini kitatokea na lini. Ule ujumbe wa kwanza, wa "bosi wangu" na "tuna familia," meneja angeona aibu kuupitisha, angeufunga na kusema atakumbusha kwa mdomo. Huu wa pili anaupitisha kama ulivyo, kwa kubonyeza mara moja. Malipo mengi hukwama kwa sababu tu anayedaiwa hana karatasi ya kumwonyesha anayeshika fedha.

Na utu wetu uko wapi katika haya? Uko kwenye simu, inayopigwa kabla barua haijatumwa. Kwetu sisi kumtumia mtu mzima notisi bila kumtangulizia sauti ni kumvamia, na hilo barua nzuri namna gani haiwezi kulirekebisha. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Vijana hawajambo?"

"Hatujambo, mama, tunashukuru. Nakupigia kuhusu ile advansi ya kabati. Bado haijaingia, na nakutumia barua sasa hivi. Nimeandika kwamba tutafika Ijumaa jioni, tukiwa hatujaipata kazi itasimama. Sikutaka uione kwenye barua kabla sijakwambia mwenyewe."

"Eh, mbona mhasibu kaniambia ameshatuma?"

"Basi vizuri, mama. Naomba aniandikie namba ya muamala, nami nikaulize benki leoleo."

Kwenye simu shikamoo ipo, hali za nyumbani zimeulizwa, mama ameitwa mama. Lakini siku haikubadilika, na kiasi hakikujadiliwa. Akiomba hadi Jumatatu, fundi anaweza kukubali kama ana uwezo, kwa sharti kwamba barua itakayotumwa iandikwe Jumatatu. Kitu cha hatari ni barua kusema Ijumaa na mdomo kusema "usijali, tutaona." Siku ya Ijumaa mteja ataukumbuka mdomo.

Ijumaa saa 11 ikifika na akaunti ikiwa vilevile, kazi isimame kweli. Gundi iliyokwisha kupakwa iachwe ikauke kwenye vibano vyake, bodi zifunikwe zisinyonye unyevu, maboksi yapigwe picha yenye tarehe. Kama mteja alishaleta vitu vyake, sinki au jiko, vitunzwe salama. Visifanywe rehani, hilo ni jambo jingine lenye sheria zake. Halafu utumwe ujumbe wa mstari mmoja: "Ndugu Meneja, kama tulivyoeleza tarehe 16, kazi imesimama leo saa 11 jioni. Tutaendelea malipo yakishaingia." Fundi akiendelea kupiga randa Jumamosi kwa kuona huruma, notisi yake ijayo haitasomwa, na hata hii atakuwa ameifuta yeye mwenyewe.

Na fedha zikiingia, jibu siku hiyohiyo: tumepokea Sh 9,000,000, tunaendelea kesho, tarehe mpya ya kukabidhi ni hii. Usiongeze "angalau mmekumbuka." Mteja aliyelipa amemaliza wajibu wake, na nusu nyingine bado iko mikononi mwake.

Wewe unayesoma na una karakana, duka la uchapaji, kamera za harusi au kompyuta ya kuchora ramani, fungua leo ile profoma unayowatumia wateja na uongeze mstari huu chini ya bei: "Kazi huanza siku ya kazi inayofuata baada ya malipo ya awali kuingia na kuweza kutumika katika akaunti yetu, kazi iliyokwisha kuanza inaweza kusimamishwa kwa notisi ya siku tatu za kazi kama malipo hayo hayajaingia yote." Uweke kabla ya mahali pa saini, na mteja atie saini chini yake.